Mbona simu yako inatoa chenga usiku?

Washikaji wangu hawaishi kuniuliza: simu ina megapikseli 12, kamera ya mpiga picha wa harusi nayo 12, mbona ukumbini usiku ya simu inajaa chenga? Mimi huwajibu kwa vikombe na ndoo.

Mwanga hudondoka kama rasharasha, matone hayaanguki sawasawa. Ukitega vikombe, kimoja kitapata mengi, cha jirani machache. Chenga ndiyo hizo. Ukitega ndoo, tofauti inamezwa.

Chukua simu yenye sensa ya milimita 5.6 kwa 4.2. Ya kamera kubwa ni 36 kwa 24, yaani eneo lake ni kama mara 36. Pikseli ya simu ikipata chembe 100 za mwanga, huyumba kwa 10 hivi, asilimia 10 nzima. Ya kamera, kwa namba ile ile ya f na muda ule ule, hupata 3,600 na kuyumba kwa 60, hata asilimia 2 haifiki!

Mchana wa jua kali hata kikombe hujaa, huoni tofauti. Kwa hiyo dukani usiulize megapikseli tu, msomaji wangu. Uliza na ukubwa wa sensa.