Lifti ya Bure

Nauli ya treni kutoka Syokimau hadi mjini ni ileile hata nifike vipi stesheni, kwa hiyo niliiweka kando. Kutoka kwetu hadi stesheni ni kilomita 5. Nikiendesha na kuegesha, gari linatembea kilomita 10 kwa siku. Mume wangu akinipeleka na kunifuata jioni, ni safari nne: kilomita 20. Lita moja, shilingi 180, inatusukuma kilomita 12. Kumbe lifti ya bure ni 300. Kuegesha ni 150, ongeza ada ya maegesho. Sasa asubuhi hunishusha akipita kwenda kazini, jioni napanda boda kwa 100. Ila zile stori zetu za jioni garini, sijui niziandike wapi.