Juma kwa Juma

Robo iliyopita sisi nyumbani, hapa Kolwezi, tulijiwekea malengo matatu: kumaliza Injili ya Luka, kuweka akiba ya faranga 60,000, na kutembelea wagonjwa 12 wa mtaa wetu.

Robo ina majuma 13. Tuligawa kwa 12, tukaacha moja la kufidia. Luka ina sura 24. Basi kila juma sura 2, faranga 5,000, mgonjwa 1. Daftarini tulichora mistari mitatu yenye vyumba 13, na kila Jumapili tukatia alama penye tendo lililotimia.

Baada ya majuma manne tulihesabu: kusoma alama 4, wagonjwa 3, akiba 1 tu. Sababu ilionekana upesi: tulingoja kuweka kitakachobaki baada ya soko, na hakikubaki kitu. Tukaanza kuweka siku ile ile ya kupokea malipo, kabla ya soko.

Faranga 15,000 zilizopungua hatukujitwika kwa mara moja, maana mzigo uliorundikwa huangusha hata juma linalofuata. Majuma 9 yaliyobaki yangeleta 45,000. Tukashusha lengo hadi 50,000, nalo likatimia.