Maji Katika Mizani

Hapa Sirisia, soya inayovunwa katikati ya mahindi huishia mara nyingi kwenye uji na maziwa ya soya. Kwetu tunagandisha maziwa hayo kwa maji ya limau na kuyafunga kwenye kitambaa, na hapo tunapata tofu. Kukhu, bibi yetu, ana meno machache, kwa hiyo hula ile laini. Kijana wetu anayebeba mizigo sokoni huipenda ngumu, iliyokandamizwa kwa jiwe. Kwa miaka kadhaa kila mmoja amepimiwa gramu 100, na sote tuliona hiyo ni haki.

Tuifanye hesabu. Chukua kipande laini cha gramu 600 chenye protini gramu 8, mafuta 5 na wanga 2 katika kila gramu 100. Jumla kina protini gramu 48. Kikandamize mpaka mizani isome gramu 400. Kilichotoka ni gramu 200, karibu zote maji. Protini imebaki ileile 48, ila sasa inagawanywa kwa 400, hivyo kila gramu 100 ina 12. Mafuta nayo yamepanda hadi 7.5. Wanga haupandi kwa kiasi hicho, kwa sababu sukari ya soya huyeyuka na sehemu yake huondoka na maji.

Kwa hiyo sahani mbili za uzito mmoja hazikuwa sawa. Kukhu alipata protini gramu 8, kijana 12. Ili walingane, Kukhu apewe gramu 150 za laini.

Hesabu hii inasimama juu ya sharti moja, kwamba kinachotoka ni maji. Tazama bakuli lililo chini ya kitambaa. Majimaji ya manjano yanayopitisha mwanga yanaonyesha tofu iliganda vizuri. Yakiwa meupe kama maziwa, protini nayo inatoroka, na 12 uliyoandika imezidi ukweli. Ukikaanga, maji hupungua tena huku mafuta ya kupikia yakiingia. Pima mafuta ya karai kabla na baada, uongeze tofauti hiyo kwenye hesabu ya mafuta.

Namba iliyo kwenye pakiti ni ya tofu ya pakiti ile tu. Ukiikandamiza zaidi nyumbani, jumla ya protini ndiyo ya kushika, kisha uigawe kwa uzito mpya.

Nimejifunza kwamba kumpa kila mtu kipimo kilekile si lazima kuwe ni kumtendea haki. Wazee, wagonjwa na watoto wadogo mara nyingi hula vyakula laini vyenye maji mengi, na hushiba upesi kabla miili yao haijapata inachohitaji. Kwao gramu 50 za ziada si upendeleo. Na tumbo likikataa sahani kubwa, basi wagawiwe mara mbili kwa siku.