Karata Tatu

Tulipanga chumba kimoja Singida mjini, upande wa Ziwa Singidani, wasichana wanne wa chuo. Umeme ukikatika tulicheza lasti kadi kwa mshumaa. Usiku mmoja nikasema, utani tu, kwamba najua kusoma karata. Kesho yake wakaja na maswali.

Utaratibu wangu ulikuwa mwepesi. Kopa ni mapenzi, uru pesa, pau masomo, shupaza mikosi. Nilichanganya karata zote 52, mwulizaji akakata, kisha nikapanga tatu: yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Ila macho yangu hayakuwa kwenye karata, yalikuwa usoni pake. Nikisema, "Kuna mtu hakuelewi," nilinyamaza, naye akamtaja mwenyewe. Bumu likichelewa, "pesa inakuja, ila si leo" haikukosea kamwe. Shupaza nazo zilijitokeza sana, wakaamini wameandamwa na mikosi. Baadaye nilikokotoa: ukivuta karata tatu, uwezekano wa kupata walau shupaza moja ni karibu asilimia 59. Hesabu tu.

Halafu baba wa mwenzetu mmoja, mtu wa Iramba, akalazwa. Ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa tulikuwa na mtihani. Akakaa kitandani kwangu, akaniuliza, "Hivi baba atapona? Niende, au nisubiri nimalize pepa?"

Nikapanga. Uru, kopa, pau. Hakuna shupaza hata moja. Nilimwona anavyonitazama, nikashindwa kumpa kingine zaidi ya alichokitaka. "Atapona," nikasema. "Soma kwanza."

Alhamisi alfajiri simu ikalia. Alipanda basi la kwanza, akamkuta baba yake anapumua lakini hasemi tena. Jumamosi wakazika.

Aliporudi nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema, "Wewe ulisema ulichokiona, mwaya." Hapo ndipo niliposhindwa kumeza mate, maana mimi sikuwa nimeona kitu. Niliona rangi za karata na uso wa mtu mwenye hofu. Ningesema "sijui," huenda angepiga simu nyumbani kuuliza daktari kasema nini, na huenda angeondoka siku ileile.

Wiki mbili baadaye akanijia tena. Alitaka kujua kama atapata sapu kwa ule mtihani alioukosa. Nikazishika karata, nikaziweka chini bila kuzifunua.

"Sijui," nikamwambia. "Na siku ile ya baba pia sikujua. Nilikudanganya."

Alikaa kimya kitambo. Niliisikia pikipiki ikipita nje, ikapotea.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Kesho twende wote ofisini tukaulize. Beba barua ya msiba."

Sasa ni mwandishi wa habari. Mhariri akinibana jioni, nami sina uhakika, huwa naandika kwamba hatujathibitisha. Ananuna. Namwacha anune.

Usiku ule mwenzangu aliziokota karata, akazichanganya, akatugawia saba saba.

"Haya," akasema, "anza wewe."