Paa Moja, Mamlaka Mbili

Jengo la makao ya Jiji la Chicago lina mabwana wawili: upande mmoja ni wa jiji, upande wa pili ni wa Kaunti ya Cook. Meya Richard M. Daley alipoagiza paa lipandwe mimea, kazi iliyokamilika mwaka 2001, bustani ilikoma pale mamlaka yake yalipokoma. Upande wa kaunti ulibaki na lami nyeusi.

Nimewahi kulitazama paa hilo kutoka ghorofa ya juu ya jengo jirani. Nyasi zilikuwa na rangi ya majani makavu. Kati yake zilitambaa sedumu, mimea mifupi yenye majani manene yanayohifadhi maji, nyingine za kijani kilichofifia, nyingine nyekundu kama kutu. Kisha mstari ulionyooka, na weusi mtupu. Alasiri moja ya Agosti 2001, uso wa bustani ulipimwa ukawa na joto la kati ya nyuzi 33 na 48 za Selsiasi. Paa jeusi la jirani lilifika 76. Jua ni lile lile. Tofauti ni maji ambayo mimea huyarudisha hewani.

Lakini maji hayo hayo ndiyo adui wa paa, na siri ya kuyatawala huonekana ukingoni. Ukilikata paa la namna hii kama mkate, chini kabisa utakuta utando usiopitisha maji, juu yake kizuizi cha mizizi, kisha tabaka la kupitishia maji, kitambaa cha kuchujia, na mwisho udongo mwepesi wenye mawe mengi na mboji kidogo. Sedumu hutosheka na sentimita 10 za udongo. Kandokando ya ukuta, na kuzunguka kila tundu la kutolea maji, huachwa ukanda wa kokoto usiopandwa kitu, ili mizizi isifike mlizamuni na mkaguzi aone tundu bila kufukua.

Hapo ndipo uzembe hujifichua. Majani yakiziba tundu, maji hutuama; sedumu, ambazo huvumilia kiu kuliko mafuriko, huoza kuanzia shinani, na kuvu na magugu marefu huchukua nafasi yao. Udongo uliolowa hadi kushiba huweza kulemea kila mita ya mraba kwa zaidi ya kilo 100, na maji yanayosimama juu yake ni mzigo ambao huenda mhandisi hakuukadiria.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kiongozi akikuonyesha paa la kijani, usiishie kusifu rangi zake. Uliza fungu la bajeti la mtu wa kupanda huko juu, angalau mara mbili kwa mwaka, kuzoa majani kwenye matundu. Fungu hilo lisipokuwapo, kilichozinduliwa ni picha tu.