Njoo Kesho

Jumatatu ya tarehe 21 Oktoba 2024, saa mbili usiku, nilikuwa nimekaa sakafuni chumbani kwangu Mwananyamala, kompyuta mapajani, naandika barua pepe ya kuomba radhi. Ilikuwa ndefu, msomaji, ndefu kuliko ya mtu anayeomba posa. Nilianza na salamu, nikaja kwenye malaria, nikaeleza dawa nilizomeza, nikagusia hata kelele za baa ya jirani. Mwisho nikaandika kwamba nitajitahidi kumaliza mapema iwezekanavyo.

Mimi ni deiwaka wa maneno. Natafsiri vitabu vya miongozo kutoka Kiingereza, bila ofisi wala bosi, nalipwa kazi ikikubaliwa. Safari hii kilikuwa kitabu cha ufugaji wa kuku, sura saba, maneno 24,000, na mteja yuko London. Tulikubaliana nikabidhi Ijumaa tarehe 25, halafu Jumatatu tarehe 28 tufanye kikao cha simu cha kupitia kazi: mimi, mhariri, na daktari wa mifugo anayejua Kiswahili. Daktari ndiye angeamua mambo kama ule ugonjwa unaofagia banda zima. Wengine wanauita kideri, wengine mdondo, na mfugaji akikosea hapo atachanja kitu kingine.

Nilianza tarehe 7. Nilikuwa nimegawa maneno 24,000 kwa siku 15 za kazi, nikapata 1,600 kwa siku, nikajiona mjanja. Sikubakiza hata siku moja ya kusoma upya nilichoandika. Hilo halikuwa kosa la mbu. Mbu alikuja baadaye akachukua siku tatu.

Dada mmoja tuliyepanga naye nyumba moja ni fundi cherehani. Alikuja kuazima chaja, akaniona nimenuna. Nikamsomea ile barua, nikiitafsiri njiani. Akasikiliza mpaka mwisho, pini ziko mdomoni.

"Pole mdogo wangu," akasema. "Sasa unampa lini?"

"Si nimesema mapema iwezekanavyo, dada?"

"Hiyo ni njoo kesho." Akatoa pini. "Mteja wangu nikimwambia Alhamisi, anapanga mambo yake. Nikimwambia njoo kesho, anapanda daladala bure, na akirudi mara ya tatu anakuja na shangazi yake. Umeshashona ngapi, na zimebaki ngapi?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza, nikaona aibu kidogo. Nikafungua faili nikahesabu. Nilikuwa nimetafsiri maneno 14,800 katika siku nane nilizokuwa mzima, yaani 1,850 kwa siku. Yamebaki 9,200. Kwa mwendo ule ule ni siku tano: Jumanne mpaka Ijumaa, na Jumatatu tarehe 28. Siku mbili za kusoma upya, Jumanne na Jumatano. Siku moja ya akiba, maana umeme ni umeme na homa ni homa. Jumla inaangukia Alhamisi tarehe 31 Oktoba. Nilitamani kuandika Jumanne tarehe 29 ili nionekane mchapakazi. Lakini kuomba mara moja ni kuomba. Ukirudi kuomba tena, unakuwa kimeo.

Kikao nacho nusura kiniumbue. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika kijuujuu kwamba tukisogeze mbele wiki hiyo hiyo. Kumbe kama nakabidhi Alhamisi, daktari atasoma lini maneno 24,000? Kikao cha watu ambao hawajasoma ni kupoteza muda tu. Nikampa Ijumaa na Jumatatu za kusoma, nikaweka kikao Jumanne tarehe 5 Novemba, na Jumatano tarehe 6 kama ya Jumanne haimfai.

Halafu saa. Kikao kilikuwa saa nne asubuhi za London, ambazo kwangu ni saa sita mchana, na mimi nikaandika "saa sita zangu kama kawaida". Lakini Waingereza hurudisha saa zao nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwaka ule ilikuwa tarehe 27. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima. Kuanzia siku hiyo tunawatangulia kwa saa tatu badala ya mbili, na saa nne yao inakuwa saa saba mchana ya kwangu. Ningeng'ang'ania saa sita, ningekuwa nawaita saa moja mapema bila kujua. Tena kuna mtego wetu sisi Waswahili: kichwa kinafikiri saa nne, vidole vinaandika 4. Nimewahi kufanya hivyo, nikamngojea mtu asubuhi kumbe kaniweka jioni. Tangu hapo naandika saa za pande zote mbili, kwa tarakimu, na jina la siku kando ya tarehe.

Barua niliyoituma saa nne usiku ilikuwa ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Kichwa: Mwongozo wa kuku: ombi la kukabidhi Alhamisi 31 Oktoba, kikao Jumanne 5 Novemba.

Sitaweza kukabidhi Ijumaa tarehe 25. Niliugua siku tatu, na ratiba yangu haikuwa na siku ya akiba. Hilo ni kosa langu, samahani. Maneno 14,800 kati ya 24,000 yako tayari. Naomba nikabidhi kazi yote Alhamisi tarehe 31 Oktoba. Ijumaa hii nitatuma sura ya 1 mpaka ya 4, ili daktari aanze kusoma. Kikao napendekeza Jumanne 5 Novemba, 10:00 London, 13:00 Dar es Salaam; kama haiwezekani, Jumatano 6 Novemba, saa hizo hizo. Kama tarehe 31 inakwamisha kiwanda cha uchapaji, niambie kesho, tuone sura zipi zitangulie."

Basi. Malaria imepata neno moja. Baa ya jirani haikuingia kabisa. Ile sentensi ya sura nne ndiyo iliyonigharimu, maana ilibidi nizisome upya usiku ili Ijumaa zisiende na makosa.

Usingizi sikupata. Mteja huyu ndiye aliyekuwa analipa kodi yangu, na baba mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nilikuwa nimemwahidi mwisho wa Novemba.

Jibu likaja asubuhi, mistari mitatu. Tarehe 31 sawa. Sura nne zitumwe, daktari atafurahi. Kikao Jumatano tarehe 6, maana Jumanne ana safari. Halafu mstari wa tatu: kwa kuwa kazi itakubaliwa Novemba badala ya Oktoba, mshiko utatoka mwisho wa Desemba.

Hilo sikulihesabu. Sikuwa na la kubishia; limo kwenye mkataba, na mimi ndiye niliyesogeza siku.

Nikachukua simu kumwandikia baba mwenye nyumba. Nikaandika, "Shikamoo mzee, mambo yakikaa vizuri..." Nikasikia cherehani inalia chumba cha pili. Nikafuta. Nikaandika kwamba nina kodi ya miezi miwili, nitaileta Novemba tarehe 30, na ya miezi minne nitaileta Januari tarehe 4.

Akajibu jioni: "Marahaba. Nne ni Jumamosi, nitakuwa msibani. Lete tano."