Vumbi la Unga Jikoni Mwetu



Mwaka jana binti yetu wa miaka 9 alithibitika kuwa na siliaki. Ni maradhi ambayo kinga ya mwili, ikikutana na gluteni, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba, hata chakula kisifyonzwe sawasawa. Gluteni imo katika ngano, shayiri na rai. Tuliviondoa vyote katika sahani yake siku ile ile. Boflo, chapati na mahamri hakugusa tena. Akala wali, muhogo, mbaazi na samaki.

Baada ya miezi sita tulirudi kwa kipimo cha damu. Kingamwili zilikuwa bado juu, madini ya chuma yako chini, na mtoto angali akiumwa na tumbo. Tuliapa kwamba hajaonja ngano. Mtaalamu wa lishe hakutubishia, ila alituuliza: “Nielezeni asubuhi yenu jikoni, hatua kwa hatua.”

Tukaeleza. Baada ya swala ya alfajiri tunachunga unga na kukanda mahamri. Hapo hapo, kwenye jiko la pili, mbaazi zake zinachemka bila kifuniko. Akatuzuia papo hapo. Unga mkavu ukichungwa hupaa, vumbi lake hukaa hewani kwa muda mrefu, kisha hutua juu ya sufuria, sahani na kitambaa cha kufutia. Akatufahamisha kuwa miligramu 50 za gluteni kila siku, kwa miezi michache, zinatosha kuuharibu utumbo wa mwenye siliaki, ilhali kipande kimoja cha boflo kina gluteni kadiri ya gramu mbili, nayo ni mara arubaini ya kiasi hicho. Hapo tukaelewa kwamba makombo nayo ni chakula.

Tulikuwa tukidhani kwamba moto husafisha. Gluteni si kidudu cha kufa kwa kuchemshwa. Huondoka kwa kuoshwa tu. Sufuria na vijiko vya chuma, vikisuguliwa kwa sabuni na maji mengi, huwa salama. Mashaka yako kwenye vyombo vyenye nyufa na matundu yasiyofikika: mwiko wa mti, kibao cha kusukumia chapati, chungio la unga. Tosta nayo haiosheki ndani, na makombo ya boflo la jana hushika mkate wa leo.

Jambo lililotushtua zaidi ni mafuta ya karai. Mwezi wa Ramadhani tulimkaangia bajia za kunde, tukijua kunde hazina ngano. Lakini karai lile lile lilikuwa limekwisha kukaanga sambusa, na unga wa manda ulikuwa umebaki katika mafuta. Halikadhalika siagi: kisu kilichopaka boflo kilirudi koponi kikiwa na makombo, naye akapaka siagi ile ile juu ya mkate wake wa kumimina.

Tukabadili mambo machache. Chakula chake hupikwa kwanza na kufunikwa. Unga wa ngano hukandwa baadaye, uani, na mkandaji hubadili kanga kabla ya kumpakulia. Ana karai lake dogo, chungio lake, kopo lake la siagi, na tosta yake iliyowekwa rafu ya juu. Mchele wa vitumbua vyake tunausaga nyumbani kwa blenda, kwa sababu mashine ya mtaani husaga na ngano.

Uliobaki ni mwiko. Bibi yake alikuwa na mwiko aliorithi kwa mamake, uliosonga ugali na kugeuza pilau za harusi zetu zote. Ulikuwa umepasuka nchani. Hatukuthubutu kumwambia. Yeye mwenyewe aliutia kabatini, akanunua miwili mipya, na mmoja akaufunga uzi mwekundu kuwa wa mjukuu.

Mtoto hakufurahi. Siku moja ya futari, alipowekewa sahani yake mbali na sinia, aliuliza kwa sauti ndogo: “Kwani mimi najisi?” Hatukuwa na jibu. Bibi akamvuta karibu, akasema: “La, mjukuu wangu. Chako ndicho safi. Ngano ndiyo tuliyoitenga.” Tangu usiku ule sinia la katikati ni la wali wa nazi na mchuzi, tunalila sote pamoja naye, na sambusa ndizo zilizohamia meza ya pembeni.

Kipimo cha mwezi uliopita kimeonyesha kingamwili zimeshuka sana, ingawa hazijafika kiwango cha kawaida. Daktari amesema utumbo hupona polepole, na kwamba atajiepusha na gluteni maisha yake yote. Mtoto ameongezeka kilo mbili, na usiku analala bila ya kulia, alhamdulillah. Mwiko wenye uzi mwekundu umetundikwa peke yake karibu na dirisha, na hata wageni wetu wamekwisha kujua kwamba hauguswi.